Je, wajua? Namba ya seed haimvishi mhusika nguo

"Nimeandika maelezo yaleyale, na seed ni ileile. Mbona ovaroli ya mhusika wangu inabadilika kila fremu?"

Kwa sababu namba hiyo haimshiki mhusika. Inashika chenga tu.

Picha ya Stable Diffusion, modeli ya akili unde inayochora kutokana na maneno, haianzi kwenye karatasi nyeupe. Inaanza na vurugu ya nukta zisizo na maana, mithili ya chenga za TV isiyoshika stesheni. Modeli huzisafisha kidogo kidogo, mara nyingi kwa hatua 20 hadi 30, na katika kila hatua huongozwa na maneno yako. Namba unayoiandika penye `seed` huamua chenga zitakuwaje, na kazi yake inaishia hapo.

Nami kwa muda mrefu niliichukulia namba hiyo kama kitambulisho cha mhusika. Imani hiyo ina chanzo chake. Ukirudia maelezo bila kugusa hata herufi moja, na mipangilio mingine yote ikabaki vilevile, picha inarudi ileile. Ukibadili `smiling` ukaweka `frowning`, mara nyingi uso unakunjamana na nguo zinabaki. Mtu anajaribu hivyo mara mbili tatu, anaamini ameshampata mhusika wake, anaanza kuchora hadithi. Fremu ya nne mhusika anapanda baiskeli, na nguo zimekuwa nyingine kabisa.

Fikiria ukuta wa zamani wenye madoa ya unyevu. Umelala kitandani unautazama. Mtu akikuambia "tafuta ng'ombe", macho yako yanaokota madoa: hili pembe, lile mkia. Akisema "tafuta jahazi", ukuta ni uleule, ila doa lililokuwa pembe sasa ni ncha ya tanga. Seed ndiyo ukuta. Maneno yako ndiyo kauli ya yule anayekuambia utafute nini.

Nichukue mhusika wangu, Zuwena, binti fundi baiskeli. Amevaa ovaroli ya bluu yenye mfuko mwekundu kifuani upande wake wa kushoto, na kilemba cha njano. Katika fremu ya kwanza amesimama. Doa fulani la ukutani limegeuka mfuko mwekundu. Katika fremu ya nne nimeandika kwamba anaendesha baiskeli, kwa hiyo mahali pale palipokuwa na kifua sasa pana usukani, na doa letu limeliwa na kengele. Mfuko unatafutiwa doa jingine, au unakosekana. Tabasamu likibadilika pekee mambo hutulia, kwa kuwa mpangilio mkubwa wa picha huamuliwa katika hatua za mwanzo, na umbo la mtu aliyesimama halijaguswa. Ndiyo maana jaribio dogo linadanganya.

Basi niongeze maneno? Hilo nalo ndilo jibu la kwanza la wengi, na linasaidia kiasi. Lakini `blue overalls` ni jina la kundi zima la nguo. Ni sawa na kumtuma mtoto mnadani kila asubuhi akuletee ovaroli ya bluu. Atakuletea ovaroli, na itakuwa ya bluu, ila hajawahi kuiona ya jana. Modeli haikumbuki picha iliyotangulia. Kila fremu ni safari mpya ya mnadani. Ukirundika maelezo ya vifungo, kola na mishono, unakutana na mambo mawili. Kwanza, matoleo ya mwanzo ya Stable Diffusion yanasoma maneno kwa mafungu ya tokeni 77, yaani vipande vya maneno, mbili kati yake zikiwa alama za mwanzo na mwisho, hivyo maelezo marefu hukatwa au kugawanywa. Pili, rangi huvuja. Njano ya kilemba inashuka mabegani, wekundu wa mfuko unahamia kwenye viatu, kwa kuwa modeli haifungi vizuri kila rangi na kitu chake.

Kilichonifaa ni LoRA, yaani faili dogo la nyongeza linalofundishwa sura moja na kupachikwa juu ya modeli kubwa. Kwa mhusika mmoja, picha 15 hadi 30 huwa zinatosha. Zuwena nilimchora kwa mkono mara sita: mbele, nyuma, pande zote mbili, amekaa, ameinama. Nyingine 14 nilizalisha, nikabakiza zile tu ambazo nguo zilikuwa sahihi au zilihitaji marekebisho madogo.

Kila picha ya kufundishia huambatana na maelezo mafupi, na hapa ndipo pana jambo linalonifurahisha kuliko yote. Akili inakutuma ueleze nguo kwa ukamilifu ili modeli ijifunze. Fanya kinyume. Unachokitaja katika maelezo hubaki mikononi mwa maneno hayo, hivyo kinaweza kubadilika. Usichokitaja hakina neno la kujishikiza, kwa hiyo hudidimia ndani ya jina la mhusika. Mimi nilitunga jina ambalo modeli haina mazoea nalo, nikaandika hivi:

```
zuwenafundi, sitting on a stool, brick wall, side view
```

Hakuna ovaroli wala kilemba humo. Kigoda na ukuta wa matofali vimetajwa ili visimgande. Ukisahau kuutaja ukuta, na picha nyingi zikawa na ukuta huo, Zuwena atauburuza mpaka ufukweni. Baadaye, `zuwenafundi` linapoandikwa, nguo zinakuja nalo bila kuombwa. Si sheria isiyovunjika: picha zikiwa chache au zikifanana mno, hata ulivyovitaja huganda.

Mfuko wangu ulikuwa na ugonjwa wake wa pekee. Ulihama kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi. Nililaumu maneno, kumbe programu ya kufundishia ilikuwa inageuza picha kama kwenye kioo ili kuongeza mifano. Katika `sd-scripts`, ndiyo programu hiyo, kipengele hicho kinaitwa `--flip_aug`. Kwa mhusika mwenye kitu upande mmoja tu, mfuko, kovu au saa ya mkononi, kiache kimezimwa. Picha zilizogeuzwa zinafundisha kwamba pande zote mbili ni sahihi, na modeli inatii.

Hata baada ya hapo kuna mpaka. Mavazi yenye rangi tambarare hushikika vizuri. Kanga haishikiki. Pindo, mji na maandishi ya jina vyote ni michoro midogo inayopaswa kuwa ileile hadi nukta, na herufi za jina huharibika kwanza. Kama mhusika ni lazima avae kanga, mzalishe na nguo ya rangi moja, kisha pachika kanga halisi kwa programu ya kuhariri picha, ukiikunja kufuata mikunjo ya nguo.

Kukagua, ninaziweka fremu zote za ukurasa pamoja zikiwa ndogo kama stempu. Katika ukubwa huo hudanganywi na uzuri wa uso. Kilicho tofauti kinajitokeza kama jino lililong'oka. Katika ukurasa wa kwanza wa Zuwena, fremu mbili kati ya nane zilikosea: moja haikuwa na mfuko kabisa, nyingine kola ilikuwa ya njano. Sikuzizalisha upya. Niliziba eneo la kosa tu kwa kificho, nikaiacha modeli ipake upya hapo peke yake, na kwa mfuko ilibidi niandike `red chest pocket` kwa mara ya kwanza tangu nianze kutumia LoRA.