Muda wa mguso: kwa nini dawa ya kufutia meza lazima ikae mbichi

Katika nyumba ya wageni ninayoisimamia mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, asubuhi moja nilikaa nikamtazama dada yetu wa usafi akishughulikia chumba cha chai. Alichomoa waipsi moja kwenye kopo, akafuta meza ya kwanza ya watu sita, akahamia ya pili, akaimaliza ya tatu. Kwa waipsi ileile akazungusha kitasa cha mlango, kisha akapitisha juu ya simu ya mapokezi. Kazi nzima haikufika dakika mbili. Meza ziling'aa na chumba kikanukia ndimu. Nikalichukua lile kopo, nikaligeuza nyuma, nikavaa miwani. Maandishi madogo yalisema sehemu iliyofutwa ibaki imerowa kwa dakika 4. Meza ya kwanza ilikuwa imekauka kabla hajaifikia ya tatu.

Zile dakika 4 ndizo zinazoitwa muda wa mguso. Ni ule muda ambao dawa ya kuua vijidudu inatakiwa ikae juu ya kitu ikiwa bado majimaji, ili ifanye kile ilichoahidi kopo. Fundi akipaka ukuta huandika "rangi mbichi", na kila mtu anaelewa asiguse. Dawa nayo ina ubichi wake. Ikishakauka, kazi yake kwa sehemu kubwa imekwisha, hata harufu ikibaki mpaka jioni.

Dawa iliyomo kwenye waipsi nyingi za dukani ni jamii ya benzalkoniamu kloraidi. Haimuui kijidudu kwa kumgusa tu. Kwanza inamnata kwenye ngozi yake, kisha inaivuruga ngozi hiyo hadi ya ndani yavujie nje. Hilo linataka maji ya kuibeba dawa, na linataka muda. Tena vijidudu havifi vyote kwa mpigo, hufa kwa mafungu. Chukua mfano wa hesabu tu: kama kila dakika inaondoa tisa katika kila kumi, basi vijidudu 1,000,000 baada ya dakika ya kwanza hubaki 100,000, baada ya pili 10,000, baada ya tatu 1,000. Ile "99.9%" iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo ni ya dakika ya tatu katika mfano huu. Aliyeiacha meza ikauke baada ya dakika moja amepata 90%, ambayo ni kitu kingine kabisa.

Idadi ya dakika haikukisiwa. Maabara hukausha vijidudu juu ya vipande vidogo vya chuma au kioo, huvirowesha kwa dawa, huhesabu muda, kisha huizima dawa ghafla na kuangalia nini kimebaki hai. Muda unaoandikwa kwenye lebo ndio uliofaulu jaribio hilo. Angalia pia kwamba lebo nyingine zina nyakati mbili: sekunde 10 au 30 za kupunguza bakteria, na dakika 4 au hata 10 za kuua bakteria na virusi vilivyotajwa. Macho yetu hupenda kuiona ile fupi.

Niliporudi chumba cha chai nilifanya jaribio langu, na yeyote anaweza kulifanya. Nilifuta nusu ya meza kwa waipsi mpya, nikawasha saa ya simu, nikainama mpaka macho yakalingana na meza, dirisha likiwa mbele yangu. Ukitazama hivyo unaona unyevu ukimeta. Pangaboi lilikuwa linazunguka juu. Kingo zilikauka kwanza, halafu katikati kukaanza kuota visiwa vikavu, vikaungana, na kwenye dakika moja na sekunde kama kumi hakukuwa na kinachometa tena. Nikalizima pangaboi nikarudia: ikakaribia dakika mbili. Kumbuka hii ilikuwa nusu ya meza kwa waipsi mpya. Dada yetu alikuwa akifuta meza tatu.

Kwa hiyo, kwa meza ya watu sita, ili kutimiza dakika 4 ingebidi nitoe waipsi mbili za kuirowesha, kisha nyingine mbili au tatu za kurudia inapoanza kuota visiwa. Waipsi tano kwa meza moja! Hapo ndipo nilipoona kwamba waipsi si chombo cha meza kubwa. Na kuna baya zaidi ya kukauka. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, walieleza jinsi waipsi moja inayotumika sehemu kadhaa hospitalini inavyoweza kuokota bakteria mahali pamoja na kuwapandikiza pengine. Pendekezo lao lilikuwa waipsi moja kwa sehemu moja, kisha itupwe. Ile iliyotoka meza ya tatu ikaenda kwenye kitasa na simu huenda ilikuwa inagawa tu.

Sasa meza tunazifanyia kwa chupa ya kupulizia na kitambaa, lakini nayo ina mtego wake. Watu wengi wana mtindo wa puliza-futa: mkono wa kulia unapuliza, wa kushoto unafuta nyuma yake, kama vile dawa ikichelewa itaharibika. Kumbe hapo umeinyonya dawa yote kwa kitambaa ndani ya sekunde tatu. Utaratibu tunaoufuata ni huu. Kwanza meza inafutwa kwa maji na sabuni, kwa sababu dawa hupotelea kwenye mafuta ya chapati na sukari ya chai iliyomwagika, badala ya kukutana na vijidudu. Kisha inapulizwa kwa karibu, kama shubiri moja, mpaka matone yaungane yawe utando mmoja. Ukipuliza kwa mbali kama manukato unapata vitone vyenye nafasi kavu katikati yake. Halafu pangaboi linazimwa, mtu anakwenda kupanga vikombe, na anarudi kufuta muda wa lebo ukishatimia.

Tambara nalo lina habari yake. Kwetu mazoea ni kipande cha kanga kuukuu, na kwa sabuni na maji hakina mpinzani. Lakini kanga ya pamba na dawa jamii ya benzalkoniamu hazipatani: chembe za dawa hunata kwenye nyuzi za pamba, na ukitumbukiza tambara hilo ndooni, kinachotoka kwenda mezani ni maji yaliyopungukiwa dawa. Ndiyo maana naona ni bora dawa ipulizwe moja kwa moja mezani, tambara lije mwishoni tu. Kama lazima kitambaa kibebe dawa, cha maikrofaiba kinaibana kidogo zaidi.

Simu ni kinyume chake kabisa. Simu haipulizwi: maji yataingia kwenye spika na tundu la chaji. Hapa waipsi ndiyo mahali pake, na iliyo bora ni ya spiriti ya 70%. Spiriti ina mwendo wa haraka, huharibu protini za vijidudu ndani ya muda mfupi, na Shirika la Afya Duniani wakati wa korona lilipendekeza walau dakika 1 ya kurowa. Wengine hudhani spiriti kali zaidi ndiyo bora. Ile inayokaribia 100% kwa kazi hii ni dhaifu, kwani maji kidogo yanahitajika ili protini ziharibike sawasawa, na tena inaruka upesi mno. Hata ya 70%, chini ya pangaboi, huruka kwenye kioo cha simu kabla dakika haijatimia. Lakini simu ni ndogo. Zima, chomoa chaji, vua kava, futa mbele na nyuma, na ikianza kukauka pitisha tena waipsi ileile maadamu bado imerowa vizuri. Kava lifutwe peke yake, maana uchafu hujificha pale linapobana. Jiki usiipeleke karibu na simu hata kidogo.

Waipsi za watoto, ambazo kila duka la Darajani linazo, hazimo katika habari hii. Zimetengenezwa kwa ajili ya ngozi, si kuua vijidudu, na nimekuta watu wanafutia vitasa kwa imani kubwa.

Kitasa ndicho kinachotushinda wengi, kwa sababu mbili. Ni cha mviringo, basi dawa ikipulizwa inateremka yote kwenye ukingo wa chini na juu pakabaki pakavu. Na ni kitu kinachoshikwa: umekipaka dawa sasa hivi, mgeni anakuja, anakishika, ameondoka na dawa yako kiganjani. Tunachofanya ni kuufungua mlango na kuuwekea kizuizi, ili asiwepo mwenye haja ya kukishika. Kisha tunakizungushia waipsi iliyorowa na kuiacha imekizunguka kama bandeji mpaka muda utimie. Dada yetu ndiye aliyebuni hiyo bandeji, akacheka: "Kaka, kitasa kina homa." Hapo waipsi moja inatosha kitasa kimoja, kwa sababu haikauki upesi ikiwa imekumbatia.

Milango yetu ya zamani ina shaba, na watu wakiuliza kama kweli shaba inaua vijidudu yenyewe, jibu ni ndiyo. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilizisajili aloi za shaba kwa madai ya kuua bakteria zaidi ya 99.9%, ila ndani ya saa 2. Huo nao ni muda wa mguso, mrefu tu. Wageni hawaachiani saa mbili mlangoni, na shaba iliyopakwa vanishi ili isifubae haigusani na kijidudu chochote.

Siku mgeni akitapika, hizi zote tunaziweka kando. Virusi vya kutapisha na kuharisha vya jamii ya noro havijali sana spiriti wala benzalkoniamu. Hapo tunavaa glavu, tunaondoa uchafu kwanza, tunaosha kwa sabuni, kisha tunaleta jiki. Kama chupa imeandikwa 3.5%, kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15, ndani ya nusu lita ya maji kinatoa takriban 0.1%, na tunaiacha ikae mbichi dakika 5 au zaidi. Inachanganywa siku hiyohiyo, kwa kuwa joto na mwanga huidhoofisha, na haichanganywi na dawa ya choo wala siki, maana hutoa gesi ya sumu. Kwenye kitasa cha chuma au shaba, muda ukitimia suuza kwa maji safi, la sivyo utakikuta na madoa.

Lile kopo la waipsi bado tunalo, kwa vitasa na simu. Kifuniko chake kilikuwa kinaachwa wazi, na dawa ilikuwa imeshuka yote chini, waipsi za juu zikitoka karibu kavu. Siku hizi linafungwa, na kabla ya kutumika hulazwa kichwa chini kwa muda.