Lakini, bali, kwa hiyo: kiunganishi cha insha unakichaguaje?

Mimi kazi yangu ni Kiswahili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusoma insha za wanafunzi, sasa kuna kitu nakiona kila msimu: mtoto amekariri viunganishi kumi ubaoni, aidha, hata hivyo, hivyo basi, vilevile, wakati huohuo, afu anavimwaga kwenye insha kila mwanzo wa sentensi kama chumvi. Mwalimu kamwambia insha nzuri ina viunganishi, basi yeye anaviweka.

Tuchukue aya ya mfano, nimeitunga mwenyewe ila inafanana kabisa na nazozisoma. Mada ni simu kwa wanafunzi:

"Simu inamsaidia mwanafunzi kusoma. Hata hivyo anaweza kutafuta maana ya maneno asiyoyajua. Kwa hiyo wanafunzi wengi wanacheza gemu usiku. Wakati huohuo walimu wamekataza simu shuleni."

Ukiisoma haraka unaona imekaa kisomi. Sasa futa vile viunganishi vyote, soma sentensi zenyewe tupu, na kila ukifika sentensi mpya jiulize hii inaifanyia nini ile iliyopita. Ya pili inatoa mfano wa ya kwanza, haiipingi, so "hata hivyo" imeingia nyumba ya watu. Ya tatu inageuka, inaleta ubaya baada ya uzuri, hapo ndo panataka "lakini". "Kwa hiyo" ingemaanisha wanacheza gemu kwa sababu simu inawasaidia kusoma, kitu ambacho mwandishi wala hakukikusudia. Ya nne ni matokeo ya ya tatu. "Wakati huohuo" inataka mambo mawili yanayokwenda sambamba bila moja kulizaa jingine, na hapa katazo limezaliwa na gemu. Ukirekebisha inakuwa hivi:

"Simu inamsaidia mwanafunzi kusoma, kwa mfano anaweza kutafuta maana ya maneno asiyoyajua. Lakini wanafunzi wengi wanacheza gemu usiku kucha na asubuhi wanasinzia darasani. Ndiyo maana walimu wamekataza simu shuleni."

Ona pia nimelazimika kuongeza kusinzia. Bila hiyo "ndiyo maana" ingening'inia hewani, maana gemu la usiku nyumbani linamhusu nini mwalimu? Hiki ndicho ninachokipenda kwenye viunganishi vya sababu na matokeo, vinakuumbua ukiruka hatua. Ukiandika "kwa hiyo" na ukaona haikai, mara nyingi neno halina kosa, kuna sentensi umeisahau katikati.

Sasa kuna maneno mawili yanayochanganywa sana, lakini na bali. "Juma ni mvivu lakini ana akili", hapo yote mawili ni kweli, Juma anabaki na uvivu wake na akili zake. "Juma si mvivu bali ni mgonjwa", hapa la kwanza tumelikana na la pili limekalia kiti chake. Kwa hiyo bali inataka ukanusho uitangulie, uwe "si" au "haku-" au "sio tu... bali pia". Mtu akiandika "nilitaka kwenda shule bali mvua ilinyesha" amekosea, maana kutaka kwenda hakujakanwa popote, aweke lakini tu yaishe.

Na aidha jamani! Aidha maana yake ni pia, vilevile, inaongeza hoja. Siku hizi watu wanaandika "aidha uje leo au kesho" kwa sababu inasikika kama neno la Kiingereza, hata redioni utaisikia. Kwenye insha andika "ama uje leo ama kesho".

Ilhali nayo usiitumie kama lakini ya kawaida, ina ukali fulani. "Mwalimu anatukataza simu ilhali yeye mwenyewe anachati darasani", unasikia kabisa kuna lawama ndani yake. Kama hulaumu na huonyeshi mgongano, iache.

La mwisho ni kwa wale wa insha za masimulizi, wanaoanza kila sentensi na "kisha", "halafu", "baada ya hapo". Kiswahili kinayo -ka- na kazi yake ni hiyohiyo. "Bibi alifungua mlango. Kisha alimwona nyoka. Halafu alipiga kelele." Linganisha na: "Bibi alifungua mlango, akamwona nyoka, akapiga kelele." Mfuatano umo ndani ya kitenzi chenyewe, na nyoka anatisha zaidi. "Halafu" iwekee pale ambapo muda umepita kidogo au jambo limegeuka: "Majirani wakaja na fimbo, wakatafuta chini ya kitanda na nyuma ya kabati, wasione kitu. Halafu paka akatoka jikoni, mdomoni ana mkia unaning'inia."