Kidonge cha ayodini kina saa yake

Tangu maneno ya kujenga kinu cha nyuklia Uyombo, kaunti yetu ya Kilifi, yaanze kuzunguka, kuna ujumbe mmoja wa sauti ambao nimeshachoka kuusikia kwenye vikundi vya WhatsApp vya Malindi. Unasema hivi: kinu kikija, nunua vidonge vya ayodini, meza kimoja kila asubuhi kabla ya chai, na mionzi haitakugusa. Kinu chenyewe hakijajengwa, na kama kijengwe au kisijengwe si mada yangu leo. Mimi ni mfamasia, na shida yangu ni hicho kidonge cha kila asubuhi.

Kidonge hiki hulinda kiungo kimoja, tezi ya thairoidi iliyo shingoni, dhidi ya kitu kimoja, yaani ayodini yenye mionzi, na hulinda kwa kama siku moja tu. Sesiamu, kitu kingine chenye mionzi, ikikuangukia, hakikusaidii. Mionzi inayopenya mwili kutoka nje haikijui. Mwenye kukiita dawa ya mionzi amekipa kazi ambayo hakiwezi.

Tezi hiyo inahitaji ayodini kutengeneza homoni zake, na mtu mzima anatosheka na mikrogramu 150 kwa siku. Kuta za seli zake zina pampu zinazoivuta ayodini kutoka kwenye damu, na pampu hizo hazibagui: ayodini ya chumvi na ayodini-131, ile yenye mionzi iliyotoka kwenye kinu, kwazo ni kitu kimoja. Kidonge cha mtu mzima kina miligramu 130 za potasiamu ayodaidi, ambamo ayodini yenyewe ni miligramu 100. Hiyo ni zaidi ya mahitaji ya siku 600, imemezwa mara moja. Damu inajaa ayodini safi, ile ya mionzi inakuwa chembe chache katikati ya umati, na pampu zinalemewa. Zaidi ya hapo, tezi ikifurikwa namna hiyo husitisha yenyewe kazi ya kuifunga ayodini kwenye protini zake, jambo ambalo watafiti Wolff na Chaikoff walilieleza mwaka 1948. Ni kama mashua ya Mokowe: ikishajaa, abiria anayefika baadaye anabaki gatini. Hapa abiria huyo anatoka kwa njia ya figo, kwenye mkojo.

Sasa tuje kwenye saa, maana ndipo watu wanapoharibu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kuna kinu Uyombo, na saa nne asubuhi kinaanza kuvuja. Ni msimu wa Kusi, na upepo unasukuma wingu kuelekea Malindi kwa kilomita 18 kwa saa. Kutoka huko hadi mjini ni kama kilomita 25 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo wingu linafika karibu saa tano na nusu. (Ingekuwa Kaskazi, lingeelekea Kilifi, na sisi tungekuwa tunaangalia tu.) Aliyemeza saa nne na nusu, baada ya kutangaziwa, amefanya sawasawa. Wingu linapomfikia, ayodini safi imeshaingia damuni na karibu yote ya mionzi atakayoivuta kwa pumzi itakosa nafasi. Aliyechelewa hadi saa saba na nusu, saa mbili baada ya wingu kufika, bado anaokoa kama asilimia 80. Aliyekuwa baharini akarudi na kumeza saa moja na nusu usiku anaokoa kama asilimia 40. Anayeamka kesho yake akameza saa tano na nusu hapati hata sehemu ya kumi.

Na yule wa kila asubuhi kabla ya chai? Akiwa alimeza jana, bado analindwa vizuri. Lakini akiwa alimeza siku nne zilizopita, kisha pakiti ikamwishia, ayodini yake karibu yote imeshakwenda chooni. Na akiwa anaendelea kumeza miezi na miezi bila wingu lolote, hajikingi na kitu, kwa sababu hakuna cha kukingwa. Anachokipata ni tezi kuvurugika: kwa mmoja inalegea, kwa mwingine, hasa mwenye uvimbe wa shingo wa miaka mingi, inakwenda mbio mpaka moyo unadunda ovyo.

Zile asilimia msizikariri kama aya. Zinatokana na hesabu za mwili wa wastani na za wingu linalopita mara moja. Ajali za kweli hazina adabu hiyo. Ajali ya kinu cha Chernobili, kule Ukraini ya leo, iliyoanza tarehe 26 Aprili 1986, iliendelea kutoa mionzi kwa takriban siku 10. Kwa hiyo saa inahesabiwa tangu wewe ulipofikiwa na mionzi, wala si tangu kinu kilipopasuka, na mtu aliyechelewa kwa wingu la kwanza huenda amewahi la pili. Ndiyo maana amri ya kumeza hutolewa na wenye vipimo vya hewa na upepo. Kuuliza jirani hakutoshi.

Shirika la Afya Duniani linasema wakati bora ni kuanzia saa 24 kabla ya mionzi kufika hadi saa 2 baada yake, kwamba hadi saa 8 bado inafaa, na kwamba baada ya saa 24 madhara huenda yakazidi faida. Hiyo sentensi ya mwisho wenzangu wengi huirudia bila kuitafuna. Sababu inayotolewa ni kwamba ayodini nyingi huzuia pia tezi kutoa homoni zake, kwa hiyo ile ya mionzi iliyokwisha kuingia inafungiwa ndani. Mashua imejaa abiria wabaya, nawe umefunga mlango.

Ni kweli, lakini ni kweli kiasi gani? Kwa mtu mzima, ayodini-131 hupungua nusu kila siku 8 kwa kuoza kwake yenyewe, wakati tezi ikiachwa huchukua kama siku 80 kutoa nusu ya akiba yake. Ukiunganisha mawili hayo, mionzi ndani ya tezi hupungua nusu kwa siku 7 na kidogo. Hata ukiifungia kabisa isitoke, muda huo hauwezi kupita siku 8. Tofauti ni kama sehemu moja ya kumi, na binafsi simwoni mtu mzima akiangamia kwa hilo. Mtoto mchanga ni hesabu nyingine. Tezi yake hutoa nusu ya akiba kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo kwa kawaida mionzi hupungua nusu kwa siku 5. Ukiifungia, unaielekeza kwenye siku 8. Kwake kuchelewa kuna bei. Kwa hiyo nauheshimu mpaka wa saa 24, ila naona vitabu vinausema kwa sauti moja kwa watu wasiolingana.

Na watoto ndio wa kwanza hapa. Tezi ya mtoto wa mwaka mmoja ina uzito wa gramu 2 hivi, ya mtu mzima kama gramu 20. Kiasi kile kile cha ayodini-131 kikikaa kwenye gramu 2 kinachoma mara 10. Kinyume chake, aliyepita miaka 40 ananufaika kidogo na madhara kwake ni mengi zaidi, kwa hiyo vidonge vikiwa vichache babu asimpokonye mjukuu. Mjamzito na anayenyonyesha wanameza, tena mapema.

Dozi ni hizi: kuanzia miaka 12, miligramu 130, miaka 3 hadi 12, miligramu 65, mwezi mmoja hadi miaka 3, miligramu 32, chini ya mwezi mmoja, miligramu 16. Kukata kidonge vipande vinane kwa kisu cha jikoni ni kujidanganya, kinasagika ovyo. Kiponde kidonge cha miligramu 130 kiwe unga, ukoroge na vijiko vinne vya chai vya maji, yaani mililita 20, mpaka kiyeyuke. Ongeza vijiko vinne vya juisi ya chungwa, maana ladha yake ni ya chumvi chungu na mtoto atatema. Sasa kila kijiko kina miligramu 16 na kidogo: mtoto mchanga kijiko kimoja, wa chini ya miaka 3 viwili, wa hadi miaka 12 vinne. Kijiko kiwe cha mililita 5. Kile cha chai cha nyumbani kinadanganya, kwa hiyo bora bomba la sindano lisilo na sindano.

Kwa kawaida ni dozi moja tu. Wingu likikaa zaidi ya siku, watu wazima wanaweza kuambiwa warudie. Mchanga, mjamzito, anayenyonyesha na aliyepita miaka 60 hawarudii. Mchanga aliyepewa anapimwa homoni za tezi baadaye. Baada ya Chernobili, Poland ilianza kugawa ayodini tarehe 29 Aprili 1986, zaidi ya watoto milioni 10 wakapewa, na kati ya wachanga 3,214 waliofuatiliwa, 12 tezi zao zililegea kwa muda kisha zikarudi.

Halafu kuna wa chumvi. Wanasema sisi wa pwani hatuna neno, viwanda vya Gongoni na Marereni viko hapo. Tuseme chumvi ya pakiti ina miligramu 40 za ayodini kwa kilo. Ili upate miligramu 100 unakula kilo mbili na nusu, na chumvi hiyo itakuua mchana ule ule, kabla ya wingu. Ayodini ya kupaka kwenye vidonda nayo hainywewi, inaunguza koo na tumbo. Na wewe unayewashwa ukila kamba: mzio wako ni wa protini ya kamba, haukukatazi kidonge.

Jambo ambalo ujumbe ule haugusi kabisa ni maziwa. Watoto na vijana wa Ukraini, Belarusi na Urusi waliougua saratani ya tezi baadaye, zaidi ya 6,000 kufikia 2005, waliipata mionzi hiyo hasa kwa kunywa maziwa ya ng'ombe waliolishwa majani yaliyochafuka, siku baada ya siku. Kidonge cha siku moja hakiwezi kushindana na kikombe cha kila jioni. Poland ilizuia maziwa mabichi ya watoto na kuwapa ya unga. Kwetu maana yake ni mbuzi na ng'ombe wafungiwe, walishwe majani yaliyokatwa kabla ya wingu na kufunikwa, na mtoto apewe maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kabla ya ajali. Baada ya siku 80 ayodini-131 imebaki sehemu moja kwa elfu. Sesiamu kwenye majani hayo hayo ni habari nyingine, hiyo hupungua nusu kwa miaka 30, na maziwa yapimwe kwanza.