LDL na Mishipa ya Moyo: Ushahidi wa Jeni na wa Dawa

Katika kliniki ya shinikizo la damu hapa Malindi, mzee mmoja aliweka mezani karatasi yake ya maabara, LDL, yaani lehemu iitwayo mbaya, mafuta yanayosafiri kwenye damu, milimoli 4.1 kwa lita, akauliza: "Daktari, mwajuaje kuwa haya mafuta ndiyo yanayoziba mishipa, wala si uzee na sigara nilizovuta?" Swali lake ni la haki, kwa kuwa mwenye LDL ya juu mara nyingi ana kisukari au kitambi pia, na mambo mawili kuandamana si uthibitisho kwamba moja limezaa jingine.

Kinachosaidia kuyatenganisha ni urithi. Jeni hugawiwa kama kura kabla mtu hajazaliwa, na kura hiyo haijui nani atakuja kuvuta sigara. Iliyotufundisha zaidi ni jeni iitwayo PCSK9. Protini yake huharibu vipokezi vya ini vinavyonasa LDL kutoka kwenye damu. Aliyerithi nakala isiyofanya kazi hubaki na vipokezi vingi, na LDL yake huwa ya chini tangu utotoni.

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya Wamarekani Weusi 3,363 waliofuatiliwa kwa miaka 15. Wenye nakala hiyo walikuwa 85, na LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, takriban milimoli 1. Miongoni mwa wasio nayo, karibu 10 katika kila 100 walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Katika wale 85 aliupata mmoja tu, ingawa shinikizo la damu na sigara vilikuwa jambo la kawaida kwao. Watu 85 ni wachache, kwa hiyo ukubwa wa kinga hiyo si wa kuapiwa. Uchambuzi mpana zaidi, uliotumia jeni kadhaa, ulionyesha kwamba milimoli 1 pungufu maisha yote hupunguza hatari kwa takriban nusu.

Majaribio ya statini, dawa zinazoshusha LDL, yaliyohusisha watu wapatao 170,000, yalionyesha kwamba kushusha milimoli hiyo hiyo hupunguza mishtuko ya moyo na viharusi kwa takriban moja ya tano. Tofauti iko kwenye muda: dawa zilitumiwa miaka mitano hivi, tena na watu ambao mishipa yao ilikuwa imekwisha kujaa utando. Wapo walioshuku kuwa statini husaidia kwa njia nyingine, lakini ezetimibi, inayozuia lehemu isifyonzwe utumboni, na sindano zinazozuia PCSK9 nazo zimepunguza mishtuko, takriban kwa kadiri zilivyoshusha LDL.

Njia hii ya uchunguzi haikubali kila kinachoshukiwa. HDL, inayosifiwa kuwa lehemu nzuri, ilipimwa vivyo hivyo: waliorithi jeni inayoipandisha peke yake hawakupungukiwa na mshtuko wa moyo, na dawa kadhaa zilizoipandisha sana hazikuwakinga wagonjwa.