Ukichomoa balbu C, A itafanya nini? Dhana potofu na ukweli kuhusu sakiti za mfuatano na sambamba

Chora sakiti hii kwenye karatasi. Betri mbili za tochi zimeungwa kwa mfuatano, jumla volti 3. Waya unatoka upande chanya na kufika balbu A. Baada ya A njia inagawanyika: tawi moja lina balbu B, la pili lina balbu C. Matawi yanakutana tena na kurudi betri. Balbu zote tatu ni za aina moja na zote zinawaka. Sasa nachomoa C kwenye soketi yake. A itafanya nini? Na B je?

Darasani sitaki mtu aguse kikokotoo. Kila mmoja anaandika anachobashiri na sababu yake, kisha anaweka kalamu chini. Karatasi nyingi huja na jibu moja: "A haibadiliki, B inang'aa zaidi kwa sababu sasa inapata mkondo wote." Nusu ya jibu hilo ni sahihi, na nusu hiyo ndiyo inayomficha mwanafunzi asijue amepotea wapi. B kweli inang'aa zaidi. Lakini A inafifia, na sababu iliyoandikwa kuhusu B si ya kweli.

Dhana: A iko mwanzoni, kwa hiyo haiguswi na yanayotokea mbele yake

Mwenye dhana hii anauona umeme kama msafiri anayetoka betri, anapita A, anafika njia panda, ndipo anaamua. Kwa mawazo hayo, kilichobadilika baada ya A hakiwezi kuihusu A.

Ukweli ni kwamba sakiti nzima hubadilika kwa pamoja, haraka kiasi kwamba jicho halioni nani ametangulia. Ukiondoa C, umekata njia moja kati ya mbili. Njia zikipungua, ukinzani wa sakiti nzima unaongezeka, na betri ileile sasa inasukuma mkondo mdogo zaidi. Mkondo wote wa sakiti hupita A, kwa hiyo A lazima ififie. Na B? Volti 3 zinagawanywa kati ya A na sehemu iliyobaki. Mkondo ukishapungua, A inachukua volti chache kuliko mwanzo, na zinazobaki zinaiendea B. Ndiyo maana inang'aa zaidi.

Sasa kokotoa, ukichukulia kila balbu ina ukinzani wa omu 6. Mwanzoni B na C kwa pamoja ni omu 3, ukijumlisha A unapata 9. Mkondo ni 3 ÷ 9, yaani karibu ampea 0.33. A inapata volti 2, B na C kila moja volti 1. Baada ya kuchomoa C, jumla ni omu 12, mkondo ni ampea 0.25, na A na B zinapata volti 1.5 kila moja. Tazama B: ilikuwa na karibu ampea 0.17, sasa ina 0.25. Haikurithi mkondo wote wa mwanzo, kwani mkondo wenyewe umepungua.

Dhana: anayekokotoa vizuri ameshaelewa

Mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Pili alikokotoa hivyohivyo bila kosa. Alipata 0.33 kisha 0.25, akapigia mistari miwili chini ya kila jibu. Juu ya karatasi hiyohiyo alikuwa ameandika, "A haibadiliki." Nilimwekea kidole kwenye namba zile mbili, nikamuuliza ni mkondo wa balbu ipi. Akakaa kimya, akarudi kwenye mchoro, akafuata waya kwa kalamu kutoka betri. Alipofika A akasema, "Mwalimu, ni wa A." Kanuni alikuwa nayo muda wote, hakuwa ameiunganisha na balbu. Kwa sababu hiyo swali la kubashiri nalitoa kabla ya hesabu. Likija baada yake, namba zinakuwa zimeshamjibia.

Dhana: betri hutoa mkondo uleule daima, na balbu hugawana

Naona hii ndiyo mizizi ya ile ya kwanza. Kipimo chake kinachojulikana ni swali la balbu tano la Lillian McDermott na Peter Shaffer wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliloliandikia mwaka 1992. Balbu moja ina betri yake. Mbili zimeungwa kwa mfuatano kwenye betri nyingine. Mbili zimeungwa sambamba kwenye betri ya tatu. Zote zinafanana. Zipange kwa mwanga, bila hesabu. Jibu: ile ya peke yake na zile mbili za sambamba zinang'aa sawa, na zile za mfuatano ni hafifu, nazo ziko sawa. Hata kwa wanafunzi wa chuo waliokuwa wakisoma fizikia ya hesabu za juu, waliopata walikuwa karibu asilimia 15 tu.

Betri hushikilia volteji, si mkondo. Ukiongeza tawi la sambamba moja kwa moja kwenye ncha za betri, tawi la zamani halinyang'anywi kitu. Betri inatoa zaidi, na ndiyo maana inaisha mapema.

Dhana: balbu ya kwanza hula mkondo, ya pili inapata mabaki

Mkondo hauliwi. Kinachotumika ni nishati, na ameta itasoma sawa kabla na baada ya balbu. Ila kuna mtego wa maabara: balbu mbili zenye maandishi sawa zinaweza kutofautiana kidogo, na ile hafifu ikikaa ya pili, darasa zima linashangilia dhana potofu. Zibadilishane nafasi. Uhafifu ukihama pamoja na balbu, tatizo ni balbu yenyewe. Nafasi haina kosa.

Betri nazo zaweza kukuangusha. Zikiwa zimechoka, ukinzani wa ndani unakuwa mkubwa, na ukiongeza balbu sambamba zote zinafifia kidogo, kana kwamba kweli zinagawana. Weka voltimita kwenye ncha za betri: usomaji ukishuka unapoongeza balbu, umempata mhusika. Tumia betri mpya, na balbu za waya unaowaka. Vitaa vya LED havifuati mgawanyo huu. Hata waya wa balbu ukinzani wake hupanda ukipata moto, kwa hiyo usitegemee zile 1.5 na 2 kamili kwenye voltimita. Jibu la kubashiri halibadiliki: A inafifia, B inang'aa.

Mwaka jana mwanafunzi aliniuliza kwa nini taa ya kwao hufifia jioni ilhali mwalimu amesema nyumba zimeungwa sambamba. Nikamrudisha kwenye mchoro uleule. Futa balbu A, andika "waya mrefu kutoka transfoma". B ni nyumba yenu, C ni majirani. Jioni majirani wakiwasha pasi na majiko, ni kama C inarudishwa kwenye soketi: mkondo wa jumla unapanda, waya unachukua volti nyingi zaidi, na B inabaki na chache. Akauliza, "Na usiku wa manane wakizima?" Nikamwambia abashiri kwanza.