Uhakiki wa makala: hoja imepimwa, au mhakiki kasema yake tu?

"Nimepewa uhakiki wa makala niusahihishe. Nitajuaje kama mhakiki ameipima hoja ya mwandishi kwa haki, au ametoa maoni yake tu?"

Uweke uhakiki pembeni kwanza, usome makala yenyewe. Andika kwa mistari mitatu au minne: mwandishi anadai nini, ameegemea nini, na amefikaje kwenye hitimisho lake. Usipofanya hivyo utausahihisha uhakiki kwa utamu wa lugha yake, na mwenye kalamu nzuri atakupita bila hoja.

Tuchukue makala ya Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Kimarekani, iliyotoka katika jarida la Science mwaka 1968. Vyuo vingi huwapa wanafunzi makala hii. Hardin anasema: fikiria malisho yaliyo wazi kwa kila mtu. Mfugaji akiongeza ng'ombe mmoja, faida yote ni yake, lakini hasara ya nyasi kupungua inagawanywa kwa wote. Kwa hiyo kila mmoja ataongeza, na malisho yatakufa. Kutoka hapo anavuka kwenye jambo lililomfanya aandike: idadi ya watu duniani, na uhuru wa kuzaa, ambao anataka uwekewe mipaka. Mhakiki akiishia kwenye ng'ombe, ameuhakiki mfano na kuiacha hoja.

Sasa tuseme uhakiki ulio mezani kwako una sentensi hii: "Hardin hajui ufugaji, wazee wetu walichunga pamoja karne na karne na nyasi hazikuisha." Inavutia, na ndani yake mna ukweli. Lakini rudi kwenye makala. Hardin mwenyewe anakubali kwamba utaratibu huo unaweza kwenda salama kwa karne nyingi, kwa sababu vita, wizi wa mifugo na maradhi huzuia watu na wanyama wasizidi uwezo wa ardhi. Jibu lake linaweza kuwa bovu, na mhakiki ana haki ya kulikataa. Ila hapa hajalikataa, hajaligusa kabisa. Pembeni andika: "Mwandishi ameshalijibu hili. Umelionaje jibu lake?"

Sentensi ya pili: "Kwa Hardin dawa ni moja tu, kubinafsisha ardhi." Hii ndiyo ya kuogopa zaidi, maana haina "naona" wala "nadhani", inasomeka kama taarifa. Kumbe makala inataja umiliki binafsi kama njia mojawapo, kisha inasisitiza shuruti ambayo walio wengi kati ya wanaoguswa wameikubali wenyewe. Mhakiki amemtengenezea Hardin hoja nyepesi ili aiangushe. Kipimo changu hapa ni kujiuliza kama mwandishi, akiusoma muhtasari huu, angesema, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Ndiyo maana sipendi mtindo wa kuwinda "nadhani" na kukata alama. "Nadhani" inayofuatwa na sababu kutoka kwenye makala ni tathmini halali. "Makala ina udhaifu mkubwa" isiyoonesha udhaifu uko aya gani ni maoni, hata ikivishwa lugha ya kitaalamu.

Dondoo la tatu ni refu kidogo: "Hitimisho la Hardin linasimama juu ya dhana kwamba watumiaji wa malisho hawana kanuni kati yao. Mtafiti wa Kimarekani Elinor Ostrom alionesha mwaka 1990 kwamba kanuni hizo zipo mahali pengi. Huko Törbel, Uswisi, tangu mwaka 1517 mwanakijiji alikatazwa kupeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi." Huyu amepima. Amekitaja kiungo cha hoja anachokipinga, na ushahidi wake unakigonga kiungo hichohicho.

Hata yeye mchunguze kwa mambo mawili. La kwanza, amwambie msomaji pigo lake linafika wapi: Törbel inaonesha kuwa malisho yenye kanuni yanaweza kudumu, haioneshi kwamba malisho yasiyo na kanuni yako salama. Akiandika "kwa hiyo Hardin amekosea kabisa," amepita ushahidi wake. La pili, asimlaumu mwandishi wa 1968 kwa kutosoma kazi ya 1990. Kusema makala imepitwa na ushahidi mpya ni haki. Kusema mwandishi aliupuuza ni kumsingizia.

Ukitaka kuona ukosoaji unaoigusa hoja hufanya nini, tazama yaliyofuata. Mwaka 1998 Hardin alirudi katika jarida lilelile na kuandika kwamba, kwa jinsi wakosoaji walivyoandika, kosa zito zaidi katika makala yake lilikuwa kuacha neno moja: alipaswa kusema mali ya pamoja isiyosimamiwa.