Watu kujaa sio mauzo: dhana potofu kuhusu matangazo ya gerila

Matangazo ya gerila ni yale ya kushtukiza watu mtaani kwa hela kidogo. Wiki hii tena mteja kanionyesha video ya tangazo lake la hivyo kwenye simu, "ona watu walivyojaa!" Nikamuuliza wangapi walinunua, kimya. Hii dhana ndo inaniumiza kuliko zote, maana anayeiamini sana ni mwenye bajeti ndogo na ndo hana hela ya kurudia kosa.

Watu husimama kwa sababu wengine wamesimama. Cha kuhesabu ni wateja wapya walioongezeka, basi.

Tuseme we ni fundi simu na una vipeperushi 300. Gawa mia mia sehemu tatu, kila sehemu na herufi yake kwenye kona, A, B, C, na anayekuja nacho apate punguzo. Ila kabla hujagawa hata kimoja, hesabu wateja wapya wa wiki nzima, tuseme ni 20. Wiki ya kugawa vinarudi 9 vya A, 2 vya B, C hakuna kitu. Jumla 11, na hapa ndo wengi wanashangilia mapema. Fungua daftari kwanza, wateja wapya wiki hiyo ni 26, yani wameongezeka 6 tu, wale 5 inaelekea wangekuja hata bila karatasi na umewapunguzia bei bure. Kwa hiyo gharama ya kuchapa, posho ya mgawaji na punguzo zote 11 unagawanya kwa 6, sio kwa 11. Ikizidi faida unayopata kwa mteja mmoja, acha. Isipozidi, usikimbilie kuchapa 3,000, rudia A wiki nyingine kwanza maana namba ndogo hivi zinayumba.

Na nenda mwenyewe C ukaangalie chini, hatua 50 mbele ya mgawaji. Ukikuta vimetapakaa ujue watu wanapita mbio, pale A wako kwenye foleni wana muda wa kusoma. Mimi huwa nachagua foleni siku zote.

Dhana nyingine ni ya wanaochora tangazo ukutani au njiani: "Chaki haina shida, mvua itaosha." Sio kila chaki jamani! Ya kupuliza inaweza kung'ang'ania kwenye jiwe lenye vinyweleo, na mwenye ukuta ana haki ya kukudai gharama ya usafi. Omba ruhusa, jaribu kwanza pembeni.

Na ya mwisho: "Kiki yoyote ni nzuri." Boston, Marekani, Januari 2007, vibao vya taa vya kutangaza katuni vilidhaniwa ni mabomu, barabara zikafungwa, waliovibandika wakakamatwa, na kampuni ya televisheni ya Turner na wakala wake wa matangazo wakakubali kulipa dola milioni 2. We hiyo hela huna. Kitu chochote chenye waya, betri au boksi lililofungwa usikiache peke yake mtaani, na hata stika iwe na jina lako na namba inayopokelewa.